Swali Limefika, Namba Hazipo

"Shikamoo mwalimu. Naomba msaada wa swali hili: tafuta kasi ya kasha linapofika chini ya mteremko."

Ujumbe umeishia hapo. Salamu ipo, adabu ipo, na hata swali lipo, ikiwa swali ni ile sentensi inayoamuru kitu kitafutwe. Kilichokosekana ni vitu vya kutafutia. Mteremko una urefu gani? Umeinama kwa pembe gani? Kasha liliachiwa tu au lilisukumwa? Uso wa mteremko unateleza au unakwaruza? Mwalimu akijibu, "Marahaba, nitumie namba," hupata moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kimya. La pili ni, "Ndivyo lilivyoandikwa, mwalimu," na mwanafunzi husema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa ametuma kile anachoamini kuwa ndilo swali lenyewe.

Nimefundisha somo hili na nimepokea jumbe za aina hiyo, nyingi kwa Kiingereza cha darasani. Si zote zinazotoka kwa wavivu. Namba zina njia zake za kupotea.

Njia ya kawaida inatokana na jinsi maswali ya fizikia ya sekondari yanavyopangwa. Juu kuna aya inayosimulia tukio pamoja na vipimo vyake, kisha chini yake huja vipengele (a), (b) na (c). Mwanafunzi aliyekwama kwenye (c) hunakili (c) peke yake, kama vile kila kipengele ni swali linalojitegemea. Pengine namba haziko hata kwenye aya. Ziko kwenye mchoro, ambapo urefu umeandikwa pembeni mwa mstari na pembe imewekwa kwenye kona. Anayechapa swali kwa kidole kwenye simu hana namna ya kuuchapa mchoro, basi huuacha.

Njia ya pili haina kosa la mwanafunzi. Maswali mengi siku hizi husambazwa kama mafaili ya kompyuta, na waliyoyaandaa walichapa milinganyo na vipimo kwa chombo maalumu kinachoviweka ndani ya ukurasa kama vipicha. Ukiyanakili maandishi na kuyabandika kwenye ujumbe, maneno huja na vipicha hubaki. Kinachofika ni kitu kama hiki: "Mpira wenye tungamo ya unarushwa kwa kasi ya na kwa pembe ya kutoka mlalo. Tafuta kimo chake cha juu kabisa." Ukisoma polepole utaona mashimo matatu, na kwa kweli hapo mwalimu ana bahati. Walau anajua kwamba kulikuwa na namba tatu, na kila moja ilikuwa ya kitu gani.

Hatari zaidi ni namba zilizofika zikiwa zimebadilika sura. Alama ya nyuzi, ile duara ndogo inayokaa juu, wengi huichapa kama sifuri iliyoinuliwa. Ikinakiliwa, ile sifuri hushuka na kukaa na wenzake, na mteremko wa nyuzi 30 unakuwa wa nyuzi 300. Vipeo navyo hushuka. Namba ya Nyutoni ya mvutano, ambayo ni 6.67 mara kumi kwa kipeo cha hasi 11, hufika ikiwa `6.67 × 10-11`, na mwanafunzi akiichapa hivyo hivyo kwenye kikokotoo (cha mkononi, si kile cha wastaafu) anapata 55.7. Kisha kuna mafaili ya zamani yaliyotumia fonti iitwayo Symbol. Humo alama ya omu ni herufi W iliyovishwa sura nyingine, na alama ya maikro ni herufi m. Fonti ikikosekana kwenye simu, ukinzani wa omu 10 unasomeka kama nguvu ya umeme ya wati 10, na kapasita ya maikrofaradi 5 inakuwa ya milifaradi 5, mara elfu moja ya ile iliyokusudiwa.

Sasa turudi kwenye kasha. Je, mwalimu anaweza kufanya lolote na ile sentensi tupu? Anaweza, tena mengi kuliko mtu anavyodhani.

Tuanze na hali iliyo rahisi: kasha limeachiwa bila kusukumwa, na mteremko unateleza kiasi kwamba msuguano hauhesabiki. Likiwa juu, kasha lina nishati kwa sababu ya kimo chake. Linaposhuka, nishati hiyo yote inageuka kuwa nishati ya mwendo. Tukiita tungamo ya kasha m, kimo h, kasi v, na mchapuko wa graviti g, tunaandika:

```
m g h = ½ m v²
v = √(2 g h)
```

Ile m iliyokuwa pande zote mbili imejifuta. Kasha la kilo 2 na kasha la kilo 200 yanafika chini kwa kasi ileile. Kwa hiyo mwanafunzi akijitetea kwamba kitabu hakikutoa tungamo, mwalimu atamwambia haikuhitajika. Pembe nayo haimo. Mteremko ukiwa mkali au wa taratibu, mradi kimo ni kilekile, kasi ya mwisho haibadiliki. Kinachobadilika ni muda wa kushuka. Kati ya vitu vilivyokosekana, viwili tayari havina kazi.

Hata asiyekumbuka habari za nishati angeweza kufika karibu na hapo kwa kutazama vizio peke yake. Kasi hupimwa kwa mita kwa sekunde. Kimo kina mita. Mchapuko wa graviti una mita kwa sekunde ya mraba. Ukizidisha viwili hivyo unapata mita za mraba kwa sekunde za mraba, na kipeuo cha pili cha jawabu hilo ndicho mita kwa sekunde. Kilogramu haina pa kuingia, maana hakuna kitu kingine chenye kilogramu cha kuifuta. Njia hii haikuambii kwamba kuna ile 2 ndani ya mzizi, lakini inakuambia kwamba namba unayopaswa kuidai ni kimo, na kwamba ukiongezewa kimo mara nne, kasi itaongezeka mara mbili tu.

Tupe kimo cha mita 5 na g ya 10, kama mitihani mingi inavyoagiza. Mbili mara kumi mara tano ni 100, na mzizi wake ni 10. Kasha linafika chini kwa mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa.

Mpaka hapa tumetegemea neno ambalo halikuwemo kwenye ujumbe: "unateleza". Katika fizikia ya shuleni kuna maneno ambayo kwa hakika ni namba zilizovaa nguo za maneno. "Mteremko laini" maana yake msuguano ni sifuri. "Kutoka kwenye utulivu" maana yake kasi ya mwanzo ni sifuri. "Kamba nyepesi" maana yake tungamo ya kamba ni sifuri. Mwanafunzi anayefupisha swali kwa maneno yake huyaona haya kama mapambo na kuyatupa, asijue kwamba ametupa vipimo vitatu. Hata jina la kitu ni kipimo. Kama badala ya kasha ungekuwa mpira mgumu unaobingirika bila kuteleza, sehemu ya nishati ingekwenda kwenye kuuzungusha, na kutoka kimo kilekile cha mita 5 ungefika chini kwa mita 8.5 kwa sekunde hivi, si 10.

Sasa turudishe msuguano. Kila jozi ya nyuso zinazogusana ina namba yake ya msuguano, inayoandikwa kwa herufi ya Kigiriki μ. Kwa mteremko wenye urefu L na pembe θ, hesabu inakuwa hivi:

```
v = √(2 g L (sin θ − μ cos θ))
```

Tungamo bado haimo. Pembe imerudi, na safari hii ina uzito, maana ndiyo inayoamua kasha linaukandamiza mteremko kwa kiasi gani. Chukua mteremko wa mita 10 ulioinama nyuzi 30, ambao kimo chake ni zile mita 5 za mwanzo, na μ ya 0.2. Sini ya 30 ni 0.5. Kosini yake ni 0.866, na ukiizidisha kwa 0.2 unapata 0.173. Tofauti ni 0.327, ambayo mara 200 ni 65.4, na mzizi wake ni 8.1. Msuguano umekula karibu mita 2 kwa sekunde.

Ongeza μ kidogo kidogo uone. Ikifika 0.577, ambayo ndiyo tanjenti ya nyuzi 30, mabano yanakuwa sifuri. Ikizidi hapo, ndani ya mzizi panaingia hasi, na kikokotoo kinaandika `Math ERROR`. Kikokotoo hakijaharibika. Kinasema kwamba kasha lililoachiwa kwenye mteremko ule haliteremki. Litakaa pale pale juu, kama kiatu chenye soli ya mpira kwenye ngazi kavu ya saruji, ambako namba ya msuguano huweza kuzidi 0.6 bila shida. Kwa hiyo kipimo kilichoachwa hakiamui tu kama jibu ni 8 au 10. Kinaweza kuamua kama tukio linalosimuliwa na swali linatokea.

Kwa kupita tu: `Math ERROR` hiyohiyo hutokea pia kwa sababu ya kijinga zaidi. Kikokotoo kikiachwa kwenye radiani badala ya nyuzi, sini ya 30 inatoka −0.988. Namba 30 imeingizwa ikiwa uchi, bila kizio, na mashine imeivisha kizio chake yenyewe.

Mwanafunzi mwenye akili ya haraka hutafuta njia ya mkato: "Mwalimu, namba sina, ila nyuma ya kitabu jibu ni 8.1." Je, haiwezekani kurudi kinyumenyume? Inawezekana kidogo. Kama jibu ni 8.1 na si 8.0, basi katika mfano wetu kitabu kimetumia g ya 10 na si 9.8. Zaidi ya hapo njia inagawanyika. Kasi ya 8.1 inapatikana kwenye mteremko wetu wenye msuguano, lakini inapatikana pia kwenye mteremko laini wenye kimo cha mita 3.3 hivi, na kwenye mingine isiyo na idadi. Jibu husaidia kukagua namba ulizo nazo. Haliwezi kuzizaa usizokuwa nazo, na mwalimu anayebuni namba mpaka lile 8.1 litoke anamfundisha mtoto kughushi.

Kuna ujumbe wa aina nyingine ambao namba zimo lakini zimekuja bila vizio: "kimo 500, pembe 30". Mara nyingi akili ya kawaida inatosha kuuokoa. Kama 500 ni sentimita, tunarudi kwenye mita 5 na kasi ya mita 10 kwa sekunde. Kama ni mita, mteremko laini utatoa mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa, na kasha la mbao halina habari na mwendo huo nje ya karatasi ya mtihani. Mwalimu atachagua sentimita, na pengine atakuwa sahihi. Lakini amebahatisha, na kuna mahali ambapo kubahatisha hakuruhusiwi.

Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa inajazwa mafuta Montreal kwa safari ya kwenda Edmonton. Canada ilikuwa inahama kutoka vipimo vya kale vya Kiingereza kwenda vya metriki, na ndege hiyo ilihesabu mafuta kwa kilogramu. Mita za mafuta hazikuwa zinafanya kazi, hivyo mafundi walipima matangi kwa kijiti na kupata lita 7,682. Safari ilihitaji kilogramu 22,300. Ili kugeuza lita kuwa uzito walipewa namba 1.77, nao wakaitumia. Lita 7,682 mara 1.77 ni karibu 13,600. Zilizobaki kufikia 22,300 ni 8,700. Zikigawanywa kwa 1.77 ni kama lita 4,900. Hesabu haina dosari hata moja. Ila ile 1.77 ilikuwa ratili kwa lita, si kilogramu kwa lita. Namba sahihi ilikuwa 0.803, na kwa hiyo mafuta ya kuongeza yalikuwa yapata lita 20,000. Ndege iliondoka na chini ya nusu ya ilichohitaji, injini zote mbili zikazimika angani, na rubani akaiteremsha kwa kuielea mpaka kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, jimbo la Manitoba. Waliokuwemo wote walinusurika. Namba iliyowapeleka huko ilifika mezani kama zinavyofika namba kwenye simu za walimu, bila jina la kizio nyuma yake.

Swali lililotumwa likiwa kamili linafananaje? Mfano mzuri uko hapahapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa anatengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa, akayaingiza kwenye friji yakiwa bado ya moto, na akaona yameganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia yakiwa hayajachemshwa. Alipouliza sababu alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alipata nafasi ya kumuuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuwa ametembelea shule yao. Tazama alivyouliza. Hakusema tu kwamba maji ya moto huganda upesi. Alisema vyombo viwili vinafanana, vina maji kiasi sawa, kimoja kina nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, vyote vinaingia kwenye friji, na kile cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda, kwa nini?

Wanafunzi wenzake walicheka tena. Osborne hakuhitaji kumwamini wala kumkatalia, kwa sababu alikuwa amepewa kila kitu cha kuanzia jaribio. Aliporudi Dar es Salaam alilijaribisha, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Laiti Mpemba angeuliza kwa sentensi tupu, profesa angejibu kwa sentensi tupu, na mambo yangeishia ukumbini.

Hata hivyo, wanafizikia wanabishana mpaka leo juu ya jambo hilo, na ubishi wenyewe umejaa vipimo ambavyo havikutajwa. Chombo kina mdomo mpana kiasi gani, maana maji ya moto hupoteza mvuke? Kimekaa juu ya barafu inayoweza kuyeyuka na kukigusa vizuri zaidi? Na "kuganda" ni barafu ya kwanza kuonekana au ni maji yote kuwa barafu? Mabadiliko madogo ya mambo hayo yanageuza matokeo. Kwa kasha letu orodha ya vipimo ni fupi na inajulikana. Kwa maji ya Mpemba watu bado wanaiandika.

Basi mwanafunzi, unapomtumia mwalimu au mwenzako swali, usilichape upya. Lipige picha kuanzia aya ya kwanza mpaka kipengele cha mwisho, mchoro ukiwemo, na kona za ukurasa zionekane. Ukilazimika kunakili kutoka kwenye faili, soma ulichobandika kabla ya kutuma: tafuta nafasi tupu baada ya "ya" na "kwa", tafuta pembe zilizozidi nyuzi 90, tafuta kumi iliyofuatwa na alama ya kutoa, tafuta W mahali panapozungumziwa ukinzani. Andika thamani ya g uliyoagizwa kutumia. Weka na jibu la kitabu kama unalo, kwa ajili ya kukagua. Na kama kweli kitabu hakikutoa namba yoyote, sema hivyo, kwa sababu huenda mtunzi alitaka jibu la herufi, na √(2gh) ni jibu kamili.